Simu inaonekana kwenye kompyuta lakini folda ni tupu

"Nimechomeka waya, jina la simu linaonekana kwenye kompyuta, nikifungua hakuna kitu. Ni Android."

Iko kwenye hali ya kuchaji tu. Fungua loki ya simu kwanza, vuta pazia la juu, gusa arifa inayosema Charging this device via USB, kisha chagua File transfer. Kwenye simu nyingine wameandika MTP au Transferring files, ni kitu kilekile. Folda zitajaa zenyewe, huna haja ya kuchomoa waya.

Usichague PTP. Hiyo inaifanya simu ionekane kama kamera. Hapa dukani Arua mteja alikuwa anaona picha zake zote za sherehe ya kwanjula, lakini PDF ya risiti iliyokuwa kwenye Download haikuwepo. Tulipobadilisha hali ikatokea palepale.

Kuna kaka aliyejibu kwamba ununue waya mpya, ana haki nusu. Waya wa kuchaji tu upo, na ni mwingi sana barabarani, ila ukiwa nao kompyuta haitambui simu kabisa, hata jina halitokei. Wako ni mzima.

Anayeuliza ya iPhone, hiyo haina orodha ya kuchagua. Gusa Trust au Allow ikikuuliza, na kwenye Windows utaona picha na video tu.

Kwa nini baadhi ya simu husahau chaguo hilo kila ukichomoa na nyingine hukumbuka, hapo tusaidiane.