Jibu: Andika vipimo vya nguo yenyewe

"Nauza jinzi za mtumba hapa Ujiji. Naandika saizi ya lebo, lakini wateja wa Kasulu wanarudisha, wanasema hazitoshi. Niandikeje?"

Dada, lebo ya mtumba usiitegemee: kila kiwanda kina vipimo vyake, na nguo ilishafuliwa mara nyingi. Funga kifungo, ilaze jinzi mezani bila kuivuta, pima kiuno kwa futi ya fundi kutoka ukingo hadi ukingo, kisha zidisha kwa mbili. Lebo ikisema 32 nawe ukapata sentimita 43, kiuno ni 86, yaani karibu inchi 34. Andika hiyo 86.

Hipsi ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo pima pale palipo papana zaidi, chini ya zipu. Kama kitambaa kinavutika, toa namba mbili: ikiwa imelala na ikiwa imevutwa. Mguu pima kwa ndani, kuanzia msambani hadi pindo.

Kisha mwambie mteja apime vilevile jinzi yake inayomkaa vizuri, alinganishe. Asijipime mwilini, maana gauni la kitenge, kwa mfano, lisilovutika, likilingana sawasawa na kifua chake hataweza kuinua mikono.