Laptopu inaomba ufunguo wa tarakimu 48 baada ya kugusa BIOS

Swali: Fundi habari, nilitaka kubuti flashi ya Linux, nikaingia BIOS nikafuta funguo za Secure Boot kama video ilivyoelekeza. Flashi ilikubali vizuri. Nilipomaliza nikabonyeza Restore Factory Keys, nikawasha Secure Boot, yaani nimerudisha kila kitu kama kilivyokuwa, lakini Windows inaleta skrini ya bluu inaomba BitLocker recovery key. Mimi sijawahi kuweka BitLocker maishani mwangu. Diski imekufa? Nikipiga Windows upya mafaili yangu yatabaki?

Jibu: Salama ndugu yangu. Diski haijafa, na tafadhali usipige Windows upya kwanza, maana ukifuta ile patishen unafuta na taarifa zinazohitajika kuifungua, hapo hata ukija kuupata ufunguo kesho utakuwa hauna cha kufungua.

Tuanze na hiyo BitLocker ambayo hukuiweka, yaani mfumo wa Windows wa kufunga diski kwa siri. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zinakuja na kitu kinaitwa Device Encryption, ukishaingia kwa mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft yenye uwezo wa admin, Windows inakamilisha ulinzi wa diski yenyewe na nakala ya ufunguo inaipeleka kwenye hiyo akaunti. Haikuulizi, na kwa kuwa kila siku inajifungua kimya kimya wala huwezi kujua ipo, mpaka siku kama hii ya leo.

Sasa inajifunguaje? Ndani ya mashine kuna chipu ya TPM (kwenye mashine nyingi ipo ndani ya prosesa humo humo), na ndani ya hiyo chipu kuna nafasi za kumbukumbu zinaitwa PCR. Ukiwasha mashine zinaanza upya, halafu BIOS kila hatua inayopita inapima kitu na kukiongezea kwenye PCR, kipimo kipya kinachanganywa na kile cha zamani na kukokotolewa, kwa hiyo hakuna anayeweza kurudi nyuma na kubadilisha namba iliyokwisha kuingia. Windows ilipofunga diski iliipa TPM ufunguo ikaiambia, utoe huu pale tu ambapo PCR hizi zina namba hizi hizi za leo. Namba ikitofautiana hata kidogo TPM inagoma, haijui kama ni wewe umebadilisha seting au ni mwizi, na ndipo unaletewa ile skrini.

Kwa mashine yenye Secure Boot iliyowashwa, PCR inayobeba uzito ni namba 7. Watu wengi wanadhani inaangalia tu Secure Boot ipo on au off, hapana, inapima pia funguo zenyewe zilizomo: PK, KEK, db na dbx. Hiyo ya mwisho, dbx, ni orodha ya programu za kubutia ambazo zimepigwa marufuku, na Windows huwa inaiongezea majina kupitia apdeti zake. Laptopu yako imepokea apdeti kwa muda mrefu, dbx yake ikawa ndefu kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani. Wewe ulipobonyeza Restore Factory Keys ukairudisha ile ya kiwandani, fupi, ya zamani. Kwa macho BIOS inaonekana ile ile, Secure Boot inasoma Enabled, lakini kipimo cha PCR 7 si kile TPM ilichokariri. Ndiyo maana kurudisha seting hakujakusaidia. Ungekuwa ulizima tu swichi bila kufuta funguo, kisha ukaiwasha tena, vipimo vingelingana na Windows ingewaka bila kuuliza chochote.

Kwa hiyo kwako wewe hakuna njia ya kuzunguka, ufunguo unahitajika mara moja. Angalia hiyo skrini ya bluu, kuna Recovery key ID, nakili herufi na tarakimu 8 za mwanzo. Halafu kwa simu nenda account.microsoft.com/devices/recoverykey, ingia, utaona orodha, chukua ule wenye ID inayofanana na uliyonakili, usichukue kwa jina la kompyuta maana majina hujirudia. Haupo? Jiulize nani aliiseti hii laptopu siku ya kwanza, nimeona mara nyingi sana ufunguo uko kwenye akaunti ya kaka mtu au ya mke, kwa sababu yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuingia. Kama ni laptopu ya kazini au chuoni waulize watu wa IT wao, huwa wanazihifadhi upande wao.

Kuandika tarakimu 48 za huo ufunguo usiogope. Zimegawanywa makundi 8 ya tarakimu 6, na kila kundi lazima ligawanyike kwa 11 bila kubaki kitu, kwa mfano 135795 ni 11 mara 12345, kwa hiyo ukikosea tarakimu moja mashine inakujulisha hapo hapo kwenye kundi hilo, haikusubiri mpaka mwisho.

Ikishawaka, fungua Command Prompt kama admin uangalie:

```
manage-bde -protectors -get C:
```

Chini ya TPM utaona PCR Validation Profile, kwa mashine kama yako mara nyingi ni 7, 11. Kama kila ukiwasha bado inaomba ufunguo, maana yake TPM bado imeshika vipimo vya zamani, isimamishe halafu uirudishe ili ikariri hali ya sasa:

```
manage-bde -protectors -disable C:
manage-bde -protectors -enable C:
```

Na siku nyingine ukitaka kugusa Secure Boot, TPM au kuapdeti BIOS, simamisha kabla hujaingia huko:

```
manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 2
```

Hii haifungui diski nzima, data zinabaki zimefungwa vile vile, ila kuna ufunguo wa wazi unawekwa kwa muda kwenye diski ili Windows isimtegemee TPM. Namba 2 ni mara ambazo Windows itawaka kabla ulinzi haujarudi wenyewe, na ukirudi unashika vipimo vipya. Muda huo laptopu usiiache ovyo, maana atakayeichukua anaweza kuifungua.

Kitu kimoja nakusihi, ukiwa bado hujaupata ufunguo usibonyeze Clear TPM huko BIOS hata kama mtu anakwambia inasaidia. Inafuta kile ambacho TPM ilikuwa imeshika, na mwenye tatizo dogo kuliko lako, yule aliyegeuza swichi tu, anakuwa ameua njia yake rahisi ya kurudisha seting.

Kama umezunguka akaunti zote, karatasi zote, flashi zote na ufunguo haupo, basi nikwambie ukweli ndugu yangu, hakuna programu wala fundi wa kuukisia, ni siri ya biti 128. Atakayekuambia anaweza kwa malipo usimpe hela. Hapo kilichobaki ni kupiga Windows upya na mafaili yaliyokuwemo hayarudi, ila kabla hujafika huko jaribu kwanza ile akaunti ya zamani uliyoisahau paswedi, irudishe kwa namba ya simu uangalie na humo.