Re: Natafsiri habari za Kiarabu neno kwa neno, mhariri anasema naegemea upande

> Wakuu, nimepata kibarua cha kutafsiri habari za Kiarabu kwenda Kiswahili. Habari yangu ya Misri imerudishwa mara 2, mhariri anasema imeegemea upande. Mimi sijaongeza kitu, nimetafsiri neno kwa neno kabisa. Nakosea wapi?

Mkuu, hapo kwenye neno kwa neno ndipo unapokosea, na mimi nilianza hivyohivyo. Nimekaa deski ya habari za Kiarabu miaka kadhaa na kilichonitesa zaidi si maneno magumu, ni yale yanayofanana na ya kwetu. Sisi tumekopa Kiarabu kingi mno, kwa hiyo ukiona neno unalolijua unalipitisha tu bila kulisachi, kama mtu wa geti anayemjua mwenye gari.

Chukua shahidi. Kwetu shahidi kwanza ni mtu wa mahakamani, halafu msikitini au kanisani ndo unamsikia yule aliyekufa kwa ajili ya imani. Kwenye habari za Kiarabu tukio moja la watu kuuawa Gaza, shirika la habari la Palestina Wafa litaandika "shuhadaa", yaani mashahidi, BBC ya Kiarabu itaandika "qatlaa", mwingine ataandika "dhahaaya", yaani wahanga. Watu ni walewale. Wa kwanza keshakwambia yuko upande gani wa msiba, wa pili anakwambia tu wameuawa. Na usidhani ni neno la Wapalestina peke yao, vyombo vya Misri vinawaita shuhadaa askari wao waliouawa Sinai, yaani kila mtu ana shuhadaa wake, wa mwenzake ndo qatlaa. Kwa Kiswahili mimi naandika "waliouawa" na nataja nani kawaua kama inajulikana. Siandiki "waliofariki", maana mtu aliyepigwa bomu ukisema kafariki unasikika kama unamficha aliyelirusha. Hiyo dhahaaya nayo iangalie vizuri, wakati mwingine wanahesabu humo na majeruhi, kwa hiyo ukiona "dhahaaya 40" soma mpaka chini kabla hujaandika watu 40 wameuawa.

Lakini sasa usije ukageuza kila shuhadaa. Kuna mwenzetu mmoja aliambiwa neno mashahidi lisionekane kwenye habari, akaingia kwenye kompyuta akabadilisha yote kwa mkupuo, ikatoka "Hospitali ya Waliouawa wa Al-Aqsa". Hospitali ile ya Deir al-Balah jina lake ni Mashahidi wa Al-Aqsa, jina ni jina, halipunguzwi makali. Hata msemaji ukimnukuu ndani ya alama za kunukuu akasema mashahidi wetu, muachie maneno yake, ukimsafisha unakuwa umemlisha maneno mdomoni. Kinachosafishwa ni sauti ya mwandishi tu, ile ambayo msikilizaji ataidhania ni yako.

Haya, turudi Misri yako, na hapa nitakaa kidogo maana nadhani ndipo ulipokwama.

Mambo yenyewe unayajua: Juni 30, 2013 watu wakafurika barabarani kumpinga Rais Morsi, Julai 3 jeshi chini ya Jenerali Abdel Fattah al-Sisi likamtoa madarakani. Wanaounga mkono jeshi wanaita "thaura" ya Juni 30. Ikhwani, lile kundi la Udugu wa Kiislamu alilotoka Morsi, na wafuasi wake wanaita "inqilabu". Kwa Kiarabu hayo maneno mawili hayakai chumba kimoja, mtu akifungua mdomo akatoa moja tu ushamjua. Thaura ni umma umeinuka, inqilabu ni wenye bunduki wamechukua nchi.

Sasa fungua kamusi ya Kiarabu na Kiswahili. Thaura: mapinduzi. Inqilabu: mapinduzi. Hapo ndo shida.

Mi nilidhani ni bahati nzuri, neno moja linafunika wote, hakuna wa kulalamika. Wapi! Neno halisikiki sawa kila mahali. Kwa Mtanzania, tena Mzanzibari, Mapinduzi ni Januari 12, ni sikukuu, ni chama tawala. Kwa Mkenya mwenye umri wake mapinduzi ni Agosti 1, 1982, asubuhi redio inatangaza jeshi limechukua serikali na jaribio linashindwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo ukiandika "mapinduzi ya Misri ya 2013" mmoja anasikia ushindi mwingine anasikia buti, na wewe hujamwambia yeyote kati yao nini kilitokea.

Ngoja nikutungie sentensi kwa mtindo wa magazeti yanayoegemea serikali kule, uone: "Zaamat jamaatul-Ikhwaan al-irhaabiya anna thaurata thalaathiina yunyu inqilaab." Ukiipiga neno kwa neno: "Kundi la kigaidi la Ikhwani limedai eti Mapinduzi ya Juni 30 ni mapinduzi." Mapinduzi ni mapinduzi! Msikilizaji atacheka halafu azime redio.

Hebu tuivue nguo moja moja. "Al-irhaabiya", ya kigaidi, si sehemu ya jina. Serikali ya Misri iliwatangaza magaidi Desemba 2013, tangu hapo vyombo vya kule vinalibandika nyuma ya jina kama ukoo. Wewe usilibandike na usilifiche, sema nani alisema na lini. "Zaamat" siyo kusema tu, ni kusema jambo ambalo mwandishi hataki uliamini, na "limedai eti" imeibeba vizuri mno, ndo tatizo lenyewe. Andika "linasema" basi. Angalia na ndugu yake "akkada", huyo anapewa mtu wa upande wa mwandishi, ukimtafsiri "amethibitisha" umeshamsaidia waziri kuthibitisha kitu ambacho amekisema tu. Nikiona zaama kwa mpinzani na akkada kwa waziri ndani ya habari moja, wote nawapa "amesema". Sipendi hii tabia ya kuona "amethibitisha" ni namna ya kupendezesha tu, nimegombana nayo sana deskini.

Inabaki hivi: "Ikhwani, ambao serikali ya Misri iliwatangaza kuwa kundi la kigaidi Desemba 2013, wanasema hatua ya jeshi kumwondoa Rais Morsi Julai 3 mwaka huo ilikuwa mapinduzi ya kijeshi, si mapinduzi ya umma kama serikali inavyoiita." Ndefu, najua, mhariri wa redio ataguna. Ukibanwa na sekunde kata maneno ya wote wawili, bakiza "jeshi lilimwondoa madarakani", ila neno jeshi usilikate, ukibakiza "aliondolewa" tupu inakuwa kama upepo ndo ulimtoa.

Na kama habari yako inamtaja Mubarak pia, chunga "al-makhluu". Tangazo la Februari 11, 2011 lilisema amejitoa urais, walioshinda barabarani wakamwita al-makhluu, aliyeng'olewa. Morsi yeye ni "al-maazuul", na mzizi wake tunao wenyewe kwenye uzulu, ila mhariri asipokuwa makini kidole kinateleza "aliyeuzuliwa" inakuwa "aliyejiuzulu", na Morsi hakujiuzulu. Hilo lilinipita hewani mara moja, simu zilizopigwa siku hiyo acha tu.

Weka hapa aya iliyorudishwa, pamoja na Kiarabu chake, tuione.