Kitabu cha kliniki kimepotea na shule inakitaka, naanzia wapi?

Swali: "Nesi habari, mwanangu anaingia PP1 Januari, shule imeniambia nilete kadi ya chanjo na cheti cha kuzaliwa. Cheti ninacho lakini kitabu cha kliniki kilipotea tulipohama nyumba. Alizaliwa Voi tarehe 2 Novemba 2021, kliniki za kwanza tukafanya hukohuko, akiwa na miezi 8 hivi tukahamia Likoni. Chanjo ya miezi 9 alidungwa hapa, ya mwaka na nusu sikumbuki. Nikienda kliniki ya karibu watanipa kadi mpya tu ama watamdunga zote upya?"

Jibu: Salama mamangu. Kudungwa zote upya ni kitu cha mwisho kabisa, na wewe sidhani utafika huko. Ila kliniki ya karibu isiyomjua mtoto haiwezi kukuandikia kadi ya maana, kwa sababu nesi hanakili kutoka kichwani mwa mama, ananakili kutoka rejesta, na rejesta iko pale mtoto alipodungwa.

Kila kituo kinachochanja hapa Kenya kina rejesta kubwa ya kudumu ya chanjo, sisi tunaiita MOH 510. Mtoto akija mara ya kwanza anapewa namba na mstari wake mmoja, kuna jina lake, tarehe ya kuzaliwa, mzazi, mahali mnapokaa na simu, halafu kila akirudi nesi anajaza tarehe kwenye mstari uleule. Sasa shida ni kwamba mistari inafuata siku watoto walivyokuja, haijapangwa kwa majina, kwa hiyo ukifika ukasema tu mwanangu anaitwa fulani, nesi itabidi apekue kurasa kwa kurasa na kliniki ina foleni, atakuambia urudi kesho. Mpe tarehe. Mtoto wako alizaliwa tarehe 2 Novemba 2021, wiki 6 zake ziliangukia tarehe 14 Desemba, kwa hiyo mwambie aangalie kuanzia siku za kuzaliwa kwake mpaka Krismasi ya mwaka huo. Jambo lingine, watoto wengi wanaandikwa kabla hawajapewa jina, utakuta "mtoto wa" halafu jina lako, na pengine ni lile jina ulilokuwa unatumia wakati huo, sio la kitambulisho. Namba ya simu uliyokuwa nayo Voi inasaidia sana hapo, hata kama laini ulishaitupa.

Kwa hiyo anza Voi. Kama nauli ni shida tuma mtu wa nyumbani unayemwamini, mpe fotokopi ya cheti cha kuzaliwa na ya kitambulisho chako, lakini apige simu kwanza kituoni aulize siku gani msimamizi wa kliniki ya watoto yupo, kwa sababu rejesta za miaka ya nyuma mara nyingi zimefungiwa stoo na mwenye ufunguo ni mmoja. Pale Voi anatafuta vitu vinne: BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, na polio ya kuzaliwa, halafu ziara ya wiki 6, ya wiki 10 na ya wiki 14. Kwa hesabu ya mtoto wako hizo ni karibu na tarehe 14 Desemba 2021, tarehe 11 Januari 2022 na tarehe 8 Februari 2022. Kila ziara kati ya hizo ina penta, yaani sindano moja ya magonjwa matano, polio ya matone na ile ya nimonia, ya kuhara inaanza wiki 6, na wiki ya 14 kuna polio ya sindano.

Ukishapata hizo njoo Likoni utafute ya miezi 9, surua na rubella, ambayo yake ilikuwa kuanzia tarehe 2 Agosti 2022. Hapa ndipo watu wengi hukwama. Mtoto aliyehamia katikati anatakiwa afunguliwe mstari mpya kwenye rejesta ya kituo kipya, lakini siku zenye watu wengi nesi anaweza kumdunga, akaandika kwenye kitabu cha mama, akapiga kijistari kwenye karatasi ya hesabu ya siku basi, na ile karatasi haina jina la mtoto, ni vijistari vitupu. Kitabu kikipotea, hiyo chanjo haina ushahidi tena hata kama wewe unakumbuka alivyolia. Hatuwezi kuiandika kwa kumbukumbu.

Ile ya miezi 18, surua-rubella ya pili, yaani Mei 2023, ndiyo naihofia zaidi, na kusema kweli ndiyo inayorukwa kuliko zote maana mtoto ashaanza kukimbia na mama ashaona kliniki imeisha. Shule zinazokagua vizuri huangalia hapo kwanza: zinataka kuona surua-rubella mara mbili, na zinataka jina na tarehe ya kuzaliwa vifanane na cheti. Kukosekana alama za vitamini A au dawa ya minyoo hakupaswi kumfungia mtoto nje.

Tuseme basi Voi wamekupata vizuri, Likoni wakapata ya miezi 9 lakini ya miezi 18 hakuna popote. Mtoto ana miaka 4, anadungwa siku hiyohiyo, inaandikwa tarehe ya siku hiyo na kazi imeisha. Na kama hata ya miezi 9 haionekani, anadungwa moja leo na nyingine baada ya wiki 4, na barua ya nesi inaeleza shuleni kwamba ya pili ina tarehe fulani. Akirudia moja ambayo kweli alishapata haimdhuru. Na usikubali waanze penta upya ati kwa sababu moja haionekani, zilizoandikwa zinahesabiwa, tunaendelea pale zilipokatikia. Kama alidungwa kwenye kampeni ya surua-rubella ya Julai 2025 sema pia, ila zile za kampeni kawaida haziingizwi kwenye mstari wa mtoto, kwa hiyo beba ile kadi yao kama unayo.

BCG nayo ikikosekana kwenye rejesta usihangaike, mwonyeshe nesi mkono wa kushoto wa mtoto, kovu dogo pale juu ya kigasha linatosha kuwa ushahidi.

Kitabu kipya kwenye hospitali ya umma hakiuzwi. Nesi anaandika tarehe zilezile za zamani kama zilivyo kwenye rejesta, anaandika namba ya rejesta, jina kama la kwenye cheti, halafu juu anaandika kwamba ni NAKALA na tarehe aliyoitoa, anatia sahihi na muhuri. Hakikisha hilo neno liko. Vitabu vikiwa vimeisha kituoni, barua yenye kichwa cha kituo na tarehe zote na muhuri inafanya kazi hiyohiyo, mwalimu mkuu akisita mwombe apige simu kituoni.

Utakutana na mtu atakwambia kuna anayejaza kadi kwa pesa kidogo, tafadhali mamangu usiende. Tunazijua kwa dakika moja: wino mmoja na mwandiko mmoja toka kuzaliwa mpaka miezi 18 na hakuna neno nakala, penta ya pili imewekwa wiki 2 baada ya ya kwanza, surua ya miezi 9 ina tarehe ambayo mtoto alikuwa na miezi 7. Na mbaya zaidi ni kwamba mtoto mwenyewe anabaki bila ile dozi ya pili, halafu anaketi darasa moja na watoto 40.

Ukitoka Voi, kabla hujapanda gari, piga picha kwa simu kurasa za chanjo za kile kitabu au barua waliyokupa na ujitumie. Likoni nenda asubuhi mapema na mtoto mwenyewe, kwa sababu akikosa ya miezi 18 atadungwa palepale, na ukimwacha nyumbani itabidi urudi. Wiki 2 kabla ya shule kufunguliwa zinatosha kwa haya yote, labda tu ikiwa hata ya miezi 9 haikuonekana, hapo anza sasa.