Kwa mnaoanza kuvaa maskoti: mtu wa ndani asijulikane, na asizimie

Wadogo zangu, naona siku hizi vijana wengi hapa Dar wanaitwa kwenye kazi za maskoti, mara mechi, mara promosheni, mara bethdei ya watoto, na maelezo unayopewa ni "vaa, changamka, pungia watu mkono" basi. Hakuna anayekwambia kwamba kazi yenyewe hasa ni mbili kwa pamoja, kuanzia unavyovaa kichwa mpaka unavyokivua hakuna anayetakiwa kujua ndani kuna nani, na muda huohuo mwili wako humo ndani unachemka bila mtu yeyote kuona. Uso wako ukionekana ni hatari kwa hiyo kazi, uso usipoonekana ni hatari kwako. Kila nitakachosema hapa kinatokana na hilo.

Tuanze na kichwa. Yale macho makubwa ya nje mara nyingi siyo ya kuonea, unaonea mdomoni, kwenye wavu mweusi. Wamakonde wanalijua hili zamani sana, ukiangalia ngoma ya mapiko kule Mtwara na ng'ambo ya Ruvuma kwenye nyanda za Mueda, kinyago cha mti kinakaa kichwani kimeegemea nyuma na mchezaji anaona kupitia mdomo wa kinyago, mwili mzima umefungwa nguo, na kwa mila ya zamani wanawake na watoto ambao hawajapita jando hawakutakiwa kujua kwamba ndani ni mtu. Na lipiko, yaani huyo mchezaji mwenye kinyago, hasimami akaeleza kitu, anajibizana na ngoma kwa mwili. Ukipata nafasi kaangalie mapiko kabla hujavaa suti yako ya kwanza, utaona jinsi bega moja likipanda watu wote wanaelewa.

Sasa huo wavu unakuficha kwa sababu ndani kuna giza kuliko nje. Ikifika usiku ukamulikwa na tochi ya simu karibu na mdomo, uso unaonekana, meno yanaonekana, kila kitu. Ndiyo maana tunavaa soksi nyeusi ya kichwa inayoacha macho tu, na hiyo iwe yako mwenyewe, usiazime. Glavu ziingie ndani ya mkono wa suti siyo juu yake, maana ukinyoosha mkono kupungia jukwaani kifundo kinabaki wazi na kamera ndio inapenda hapo. Saa vua, pete vua, simu usiingie nayo kabisa. Na ujue kwamba kwa kuonea mdomoni huoni chini, mtoto wa miaka mitatu akija miguuni kwako wewe humuoni, kwa hiyo usirudi nyuma hata hatua moja mpaka uguswe na msindikizaji.

Msindikizaji ndiye nusu ya kazi. Kama unaitwa kazi na ukaambiwa "utakuwa peke yako", kataa, au njoo na mtu wako. Wewe huongei, hata neno moja, hata kunong'ona, maana sauti ndiyo inayokutaja haraka kuliko sura, jirani yako akikusikia unakohoa tu anajua ni wewe. Kwa hiyo mnapanga ishara kabla hujavaa. Sisi tunatumia mkono tumboni kwa maana ya "nakaribia kuchoka, anza kunitoa", msindikizaji akikugonga bega mara mbili ujue kuna mtoto chini, na ya hatari ni kuvuka mikono kifuani na kuikaza. Hiyo ya hatari chagueni kitu ambacho mhusika wenu hafanyi kamwe kwenye mchezo wake. Wapo wanaochagua kushika kichwa kwa mikono miwili, halafu maskoti huyohuyo timu ikikosa goli anashika kichwa akisikitika, sasa msindikizaji atajuaje ni goli au ni wewe unakufa humo ndani?

Joto. Mwili unapoa pale jasho linapokauka, na ndani ya manyoya bandia na sponji hewa imeshajaa unyevu, jasho halikauki, linatiririka tu hadi kwenye viatu. Kwa jua la Dar la Januari mpaka Machi mimi naruhusu dakika 15, zikizidi sana 20, halafu mapumziko yasiyopungua muda huohuo kichwa kikiwa kimevuliwa. Ndani ya jengo lenye eisii mnaweza kwenda 30. Maji unakunywa kabla ya kuingia siyo ukishasikia kiu, na kama kazi ni ya saa kadhaa changanya na ORS ile ya famasi, maana chumvi inatoka na jasho. Feni ndogo ya ndani ya kichwa inasaidia wavu usipate ukungu, lakini isikudanganye, inazungusha hewa ileile ya moto.

Kuna mechi moja ya saa kumi jioni nilikuwa namsindikiza dogo mmoja mzuri sana wa kucheza. Dakika za mwanzo mikono ilikuwa inapita juu ya kichwa, baadaye nikaona haipandi juu ya bega, na akianza kugeuka anageuka taratibu kama anatafuta kitu. Ishara yoyote hakutoa. Nikamsogelea nikamuuliza "mabao mangapi?", huo ni mtihani wetu, anajibu kwa vidole. Ilikuwa moja bila, akanionyesha vitatu, na vilichelewa. Nikamshika kiwiko, nikawaambia watoto anaenda kuwasalimia wachezaji, tukapita mlango wa nyuma ya jukwaa mpaka chumbani, mlango ukafungwa ndipo kichwa kikatoka. Alikuwa anatetemeka na ngozi ina vipele vya baridi kwenye joto lile. Tukamvua suti yote, maji kichwani, shingoni na kwapani, feni kubwa, akaanza kuongea vizuri taratibu. Mpiga picha alikuwa anagonga mlango anataka picha ya mwisho, hatukumfungulia, na dogo hakurudi uwanjani siku ile. Mwenye tukio alilalamika sana, akalalamika na mimi, sawa tu.

Kama mtu ameshachanganyikiwa au ameanguka, usitafute chumba, kichwa kinatoka palepale, hapo siri imeisha. Msindikizaji awe na khanga mbili begini, watu wazishike kumzunguka ili watoto na kamera wasione, wengine wanamwagia maji na kumpepea huku gari la hospitali linaitwa. Aliyeacha kueleweka asipewe maji mdomoni.

Kingine ni kubadilishana. Kazi ndefu inataka wavaaji wawili wa urefu unaokaribiana, na wa pili ajifunze mwendo wa wa kwanza, atembee nao chumbani bila suti mpaka msindikizaji aridhike, maana watoto wanashika mwendo haraka sana. Wala usipige selfi umekumbatia kichwa kwapani, hata kwa ajili ya stetasi ya marafiki watano.

Mkimaliza, geuza kichwa ndani nje kadiri kinavyoruhusu, futa jasho, puliza spiriti iliyochanganywa na maji kidogo, kisha kitundike mbele ya feni kivulini. Juani gundi na sponji vinaharibika. Suti ikiingia begini mbichi, kesho yake inanuka, na keshokutwa aliyeivaa ana fangasi shingoni. Ulizeni kabla ya kukubali kazi nani anaifua na ilifuliwa lini, na mkiona mwenye suti anababaika, nusa kwanza ndani ya kichwa kabla ya kutaja bei yako.