Sanduku la dola 400 linaweza kugharimu kidogo kuliko la 250

Swali: Baba yetu alifariki jana hapa Goma, yuko morgi. Tuna dola 1,100. Tunataka kuzika siku ya sita, baba mdogo afike kutoka Kindu. Fundi mmoja anauza sanduku 250, mwingine 400. Kuna bwana mlangoni pa morgi anasema atamaliza yote kwa 900: sanduku, magari, kaburi na ruhusa ya kuzika. Tuchukue sanduku gani tusipite bajeti? Karatasi ya bei tulizokusanya nimeituma.

Jibu: Pole sana kwa msiba, dada. Kila wiki naletewa swali hili la sanduku, na kila wiki sanduku silo linaloimaliza familia. Sanduku linalipwa mara moja. Kinachowala ni siku.

Kwenye karatasi yako morgi ni dola 10 kwa siku, bashi na viti 35, chakula, chai na makaa 75. Jumla 120 kila jua linapochwa, watu wakiwa wamekaa tu. Siku sita ni 720. Ongeza sanduku la 250, magari mawili 140, nafasi ya kaburi na kuchimba 220, ruhusa 20: umefika 1,350 na pesa imeisha zamani. Sasa zika siku ya tatu, tena kwa lile sanduku la 400: inakuwa 1,140. Umeona? Sanduku la ghali kwa siku tatu limeshinda la bei ndogo kwa siku sita. Ukichukua la 250 na kuzika siku ya tatu, unatumia 990 na unabaki na 110 mkononi. Baba mdogo mpigieni leo. Kama hawezi kufika, atakuja kwenye kuondoa matanga, na hapo hakuna morgi inayohesabu.

Hizo 110 msizile, maana ziko kwa ajili ya mawe. Goma tunazika ndani ya mawe ya volkano, na mchimbaji anayekupa bei ya kuchimba huwa anawaza udongo. Akikuta bamba la jiwe kwenye nusu mita, anaweka barmini chini na kuanza kudai upya, wakati maiti tayari iko njiani. Kwa hiyo kubalianeni naye kwa kina cha shimo, siyo kwa siku ya kazi: lifike mita ngapi, na jiwe likitokea nani analipa. Mtume kijana wa familia akaone shimo jioni ya kuamkia maziko, na utepe wa kupimia mkononi.

Utepe huo huo upitishe kwenye sanduku, kwa nje, mishikio ikiwemo. Mwaka fulani mimi mwenyewe nilitoa kipimo cha ndani. Sanduku lilikuwa na sentimita 78 kutoka mshikio hadi mshikio, shimo 70. Kwenye udongo ungekwangua dakika kumi ukamaliza. Pale tuligonga jiwe kwa muda wa karibu saa mbili, mvua inanyesha, mama mjane amesimama chini ya mwavuli wa kuazima. Tangu siku hiyo naacha sentimita 10 kila upande.

Sasa huyo bwana wa mlangoni. Vitu anavyokuuzia kwa 900, kwenye karatasi yako mwenyewe ni 630. Siku za kilio bado ni zako, na jiwe likitokea atakwambia halikuwa kwenye mapatano. Lakini 270 hizo hazinikasirishi kama neno "ruhusa nitaleta mimi". Ruhusa haina siri yoyote: daktari anaandika cheti cha kifo, mtu wa familia anakipeleka komini pamoja na kitambulisho cha marehemu, analipa, anapewa risiti, anarudi na karatasi. Aliyefia nyumbani, daktari lazima kwanza aitwe athibitishe kifo. Ni asubuhi moja ya kupanga foleni.

Hawa makomisyoneri wanakimbia hiyo foleni. Nimeona ruhusa yenye jina la nusu, nyingine yenye tarehe ya kifo iliyobuniwa garini, nyingine ya muhuri usiosomeka. Siku ya maziko hakuna anayeisoma, watu wanalia. Miezi baadaye mjane anafuata hati ya kifo kwa ajili ya penshoni CNSS au akaunti ya benki, na karatasi za marehemu hazifanani: hospitali inasema hivi, ruhusa inasema vile. Bwana wa mlangoni amebadilisha namba ya simu, na kusahihisha jina la mtu aliyekwisha kuzikwa kunaweza kumpeleka mjane mpaka mahakamani. Kabla hujatoka kwenye dirisha la komini, shika cheti cha daktari mkono mmoja na ruhusa mkono wa pili, soma jina herufi kwa herufi, kisha tarehe. Kosa likiwepo, karani analisahihisha hapo hapo, kalamu bado iko mezani.