Bosi yuko feri, imeli yako yasema "Kuhusu kontena"

Nyinyi mlioingia ofisi za kuklia mizigo mwaka huu, hasa nyinyi wa kutoka chuo juzi juzi, ngojeni niwape kisa cha sabjekti moja ya imeli, moja tu, maneno mawili, ambayo ilifanya kontena mbili zilale bandarini siku tatu za kulipiwa na mie nikakaa wiki nzima napita ofisini nikiinamisha macho.

Mambo yalikuwa hivi. Mteja wetu wa vigae alikuwa na kontena mbili za futi 20 hapo Kilindini (vigae ni vizito, ndio maana huviona kwa futi 20 sana). Ushuru ulikuwa ushalipwa, karatasi zote ziko sawa, kilichobaki ni deliveri oda ya wakala wa meli, na mnajua bila hiyo DO kontena haitoki hata ulie. Ili nipate DO lazima tulipe chaji za wakala, na malipo hayatoki mpaka bosi aidhinishe. Siku za bure zilikuwa zaisha Jumamosi usiku. Sasa mie Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri, nikaandika imeli nzuri sana, aya tatu, invoisi nimeiambatisha, kila kitu kimo mle ndani. Sabjekti nikaandika: "Kuhusu kontena".

Ebu fikiria bosi wetu. Ofisi yetu iko mjini, yeye akaa ng'ambo ya Likoni, jioni yuko ndani ya feri amebanwa na watu, simu mkono mmoja. Inboksi ina imeli za watu kumi na zaidi na karibu zote ni kuhusu kontena, kazi yetu sisi ni nini kwani, samaki? Akaipita. Ijumaa asubuhi yuko mkutanoni, mchana watu wameenda msikitini, aliifungua Ijumaa usiku akiwa nyumbani, akaidhinisha palepale, maskini, hata hakuchelewa baada ya kuiona. Lakini kaunta ya wakala ishafungwa mpaka Jumatatu. DO tukaipata Jumatatu mchana, kontena zikatoka Jumanne. Hesabu mwenyewe: Jumapili, Jumatatu, Jumanne, mara kontena mbili.

Nikajitetea, nikasema mbona nilituma Alhamisi. Deklaranti wetu mzee, sisi twamwita Ami, akaniambia, "Mwanangu, umetuma, hujasema. Leta hiyo simu."

Akanikalisha tukaiandika upya ile sabjekti, na hapo ndipo nilipojifunza, kwa hivyo nitawapeleka hatua kwa hatua vile alivyonipeleka. (Imeli zetu ofisini twachanganya lugha, hapa naweka Kiswahili, mbinu ni ileile.)

Kwanza mie nikaandika "HARAKA: Kontena za vigae". Ami akacheka. Akanionyesha inboksi yake, HARAKA zilikuwa zimejipanga kama matatu za Buxton, kuna mpaka moja ya wiki iliyopita ya mtu kuomba karatasi za printa. Haraka haimwambii mtu kitu, ni hisia yako wewe, yeye ataka kujua saa. Saa ngapi, siku gani, halafu mwenyewe ataamua kama ni haraka ama si haraka.

Basi nikaenda upande wa pili nikaandika sentensi nzima kwa adabu zote: "Tafadhali bosi naomba uidhinishe malipo ya wakala wa meli kwa kontena mbili za vigae kabla ya Ijumaa". Naona nimemaliza. Ami akajitumia kwa simu yake, akaiweka mezani, kwa ile notifikesheni ikaonekana "Tafadhali bosi naomba uidhinishe malipo…" basi. Simu nyingi ukishika wima zaonyesha kama herufi 40 hivi, nyingine chache zaidi, inategemea simu na ukubwa wa maandishi aliyoweka mwenye simu. Malipo gani, lini, yote yamekatwa. Nusu ya nafasi nimeimaliza kwa kubisha hodi.

Na hapa pana kitu chetu sisi watu wa pwani, yaani kumwambia mtu mzima "Idhinisha" hivihivi mkono hauandiki, waona kama wamtuma dukani. Dawa ya Ami ni kuacha kitenzi ukatumia jina. "Idhini:". Si amri, wala si maombi marefu, ni kama kibandiko juu ya faili. Adabu utaiweka ndani ya imeli, ina nafasi huko.

Tukabaki na siku. Mie nikataka kuandika "kabla Jumamosi" kwa sababu siku za bure zaisha Jumamosi. Ami akaniuliza, Jumamosi ni siku ya nani? Ni siku ya kontena. Siku ya bosi ni ipi? Akanifanya nihesabu kurudi nyuma: Jumamosi malori yavute mzigo, kwa hivyo DO iwe mkononi Ijumaa kabla wakala hajafunga, wakala naye hutaka kuona pesa imeingia kwanza, na mhasibu wetu ataka kama saa moja kulipa na kunipa slipu, ukiongeza na ule mchana wa Ijumaa ambao hakuna mtu mezani, basi idhini yatakiwa ifike Ijumaa kabla ya adhuhuri. Hiyo ndiyo yaandikwa kwa sabjekti. Wengi mwakosea hapa, mwaandika siku ambayo hasara yaanza badala ya siku ambayo yeye atakiwa awe ashafanya lake, na yeye akiona Jumamosi aona ana siku mbili za kupumua.

Nikaandika "saa 6". Ami akauliza saa sita za Kiswahili ama saa sita za saa ya ukutani? Kusema kweli sikuwa nimefikiria. Ofisi ina watu wa bara na watu wa pwani, barua nyingine za Kizungu nyingine za Kiswahili, mtu akisoma "Ijumaa saa 6" kwa simu iliyowekwa Kizungu anaweza kuona ni jioni kabisa, ofisi zishafungwa. Ukiandika 12:00 nayo yaweza kugeuzwa hivyohivyo. Kwa hivyo andika saa na kipindi, "saa 6 mchana", ama kama nafasi ni finyu andika "adhuhuri" mambo yaishe. Na usiandike "leo" wala "kesho" maana imeli ikisomwa kesho yake, leo yako ishakuwa jana.

Mwisho ikatoka hivi:

"Idhini: DO ya vigae kabla Ijumaa adhuhuri – storeji yaanza Jumapili, kontena 2"

Hesabu ule upande wa kwanza mpaka "adhuhuri", ni herufi 41 pamoja na nafasi, kwa simu ikikatwa herufi moja hakuna aliyekufa. Anachotakiwa kufanya kiko mbele, mzigo gani anaujua kwa jina la mteja au bidhaa, na lini. Kile kipande cha storeji ni cha atakayefungua kwa kompyuta, kikikatwa kwa simu kazi bado inasimama. Namba ya kontena ile ya herufi 4 na tarakimu 7 wengine hupenda kuiweka mwanzo, mie nasema iweke mwishoni kabisa ama ndani, ni nzuri ya kutafutia baadaye lakini hakuna bosi anayekumbuka mzigo kwa namba, yeye akumbuka "wale wa vigae".

Sasa kuna kitu nilikigundua mwenyewe baadaye, Ami hakuniambia. Chini ya sabjekti simu huonyesha maneno ya kwanza ya imeli. Yangu yalikuwa "Asalaam aleikum bosi, natumai u mzima wa afya pamoja na jamaa wote", na hapo nafasi imekwisha. Salamu sikuziacha, lakini nafupisha: "Salaam bosi, invoisi ya wakala nimeambatisha, nahitaji neno NDIO tu." Asome hapo hapo bila kufungua ajue hata jibu ni la ukubwa gani.

Mtego mwingine ni ule uzi wa zamani. Mteja aliandika mwezi uliopita "Bei ya kuklia vigae", mkajibizana weee, Re: juu ya Re:, na wewe leo waomba idhini ya malipo ndani ya uzi uleule, kichwa bado chasema bei. Badilisha sabjekti. Ila jueni kwa Gmail ukiibadilisha jibu lako linajitenga linakuwa mazungumzo mapya, hilo ndilo walitaka kwa bosi, lakini hakikisha ile historia imebaki chini ya ujumbe, asije akauliza hii imetoka wapi. Na imeli ambayo haitaki afanye chochote mwambie mapema pia, "Taarifa tu: vigae vimetoka getini Jumanne", aipite kwa amani, ndio siku utakayoandika "Idhini" ataamini.

Kujaribu kama sabjekti imekaa, mie humsomea mtu wa meza nyingine asiyejua habari ya ule mzigo, sabjekti peke yake, kisha namuuliza: nataka nini, na mwisho lini? Akijibu zote mbili natuma. Akisema "kuhusu vigae vipi?" narudi.

Kuna mahali haya yote hayafai. Ikiwa zimebaki saa mbili, piga simu, imeli iwe ya kumbukumbu tu. Na mambo ya aibu au ya siri usiyaweke kwa sabjekti hata siku moja, ile notifikesheni huonekana simu ikiwa imefungwa. Kijana mmoja wetu aliandika "Idhini: kumfuta dereva kwa wizi wa dizeli" na simu ya bosi ilikuwa mezani, na huyo dereva ndiye aliyekuwa amemwendesha, amekaa pale pembeni wanakunywa chai. Ingetosha "Idhini: suala la dereva, kabla Jumatano jioni".

Ile yangu ya kwanza baada ya somo niliituma wiki iliyofuata, mzigo mwingine, "Idhini: DO ya mchele kabla Jumatano adhuhuri". Jibu likaja baada ya dakika tisa, bosi alikuwa kwenye feri vilevile. "NDIO. Na hii spelingi ya adhuhuri nani kakufundisha?"